Kidonda cha sikioni kisichofunga: maswali kuhusu saratani ya ngozi kwa wenye ualbino

Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana ualbino, ana miaka 26, anauza kava za simu Kariakoo. Juu ya sikio la kulia ana kidonda kama punje ya harage. Kinaota kigaga, kigaga kinabanduka, kinatoa damu, kinaanza upya. Huu mwezi wa tatu. Tumempaka dawa ya tyubu, tukamwagia unga wa kapsuli za rangi mbili, kikakauka kisha kikarudi. Hii ni fangasi?

Marahaba dada. Usinunue tyubu nyingine. Bila kipimo siwezi kukuambia ni saratani, ila kwa maelezo yako ndiyo ya kwanza kuifikiria, na hasa ile ya seli bapa, zinazounda tabaka la juu la ngozi. Kwa wenye ualbino hiyo ndiyo saratani ya ngozi tunayoikuta zaidi, na miaka 26 si umri mdogo kwayo.

Ngozi ya mdogo wako haina shida ya kupona. Akijikata na wembe atapona kama wewe, kingo zikisogeleana mpaka zikutane ndani ya wiki mbili tatu. Ndiyo maana kidonda chake kikipita wiki nne hakijafunga, tunataka kujua kinazuiwa na nini.

Kilowanishe kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kigaga kilegee chenyewe, usikibandue. Kisha angalia ukingo wake. Umeinuka na kuviringa? Ukiugusa kwa kidole kilichonawa unahisi kitu kigumu chini yake? Sehemu ya ndani ina chembechembe zinazovuja damu kwa kuguswa tu na pamba? Hayo ndiyo yanayotutia wasiwasi. Kidonda cha saratani kinaweza kukaa miezi bila kuuma, kwa hiyo asijipe moyo kwa kuwa hakiumi.

Zile kapsuli zimewachelewesha hivi: juu ya uvimbe wa saratani hukaa bakteria wanaoleta usaha na harufu. Dawa ikiwaua, kidonda kinakauka na nyumba nzima inashukuru. Uvimbe wenyewe haujaguswa, unaendelea kwenda chini.

Kabla hamjatoka nyumbani, papasa mbele ya sikio, chini ya taya na upande wa shingo. Ukikuta tezi ngumu, mwambie daktari mapema, maana saratani ya sikio na ya mdomo wa chini ina tabia ya kukimbilia tezi kuliko ya mkono. Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, Amana, Temeke au Mwananyamala, mwombe kuonwa na daktari wa ngozi au kupewa rufaa ya Muhimbili. Semeni wazi: ana ualbino, kidonda kina miezi mitatu, tunaomba kinyama kipimwe.

Mama amekataa. Anasema saratani ikiguswa na kisu ndiyo inasambaa, jirani yetu alikatwa akafa.

Mama hakosi sababu ya kuogopa, lakini wengi wa namna ya huyo jirani hufika hospitali saratani ikiwa imeshaingia kwenye tezi au mfupa. Kisu kinalaumiwa kwa sababu kilikuja mwishoni.

Kipimo chenyewe ni kidogo. Anachomwa sindano ya ganzi, daktari anakata kipande cha milimita chache. Kinachukuliwa ukingoni, kwa sababu katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa na maabara haitaona kitu. Kama kidonda ni kidogo, wakati mwingine kinatolewa chote siku hiyohiyo na hicho ndicho kinachopimwa.

Ikithibitika ni saratani na bado ni ndogo, upasuaji peke yake mara nyingi unamaliza kazi. Daktari anakata na ukanda wa ngozi yenye afya kuizunguka, kwa kawaida milimita 4 hadi 6, na sikioni huenda akaongeza. Sikio litabaki na pengo kidogo, nisikufiche. Ikiwa imeenda mbali, au kingo za kilichokatwa zikikutwa bado na saratani, kuna upasuaji wa pili au mionzi, ambayo hapa Dar hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mionzi ni safari za karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Ukilinganisha na kukatwa leo kitu cha ukubwa wa harage, mama mwenyewe ataona.

Lakini daktari, yeye anakaa chini ya mwavuli na anavaa kofia. Jua limempata wapi?

Kofia gani? Kama ni kapelo, inafunika paji la uso na kuacha masikio na kisogo nje. Anahitaji kofia ya ukingo wa duara, upana wa kama sentimita 8 au zaidi, iliyofumwa kwa kubana. Ile ya ukili yenye matundu inapitisha jua.

Mwavuli unamkinga na jua la juu tu. Mionzi ya jua inayodhuru hutoka pia pembeni, imetawanywa na anga, na mingine hurudishwa na kuta nyeupe na mchanga. Muulize upande upi wa meza yake uko wazi barabarani. Mara nyingi ndio upande wa sikio lenye kidonda. Ageuze meza, au aning'inize kitenge kizito upande huo.

Dar ina mtego mwingine: upepo wa bahari. Mtu anapoa na kudhani jua limepungua, wakati mionzi hiyo haina joto la kuhisiwa, na mawingu mepesi hayaizuii. Kipimo rahisi ni kivuli chake mwenyewe. Kikiwa kifupi kuliko urefu wake, jua ni kali. Hapa kwetu ni takriban saa 3 na nusu asubuhi hadi saa 9 na kitu alasiri, miezi mingi ya mwaka.

Nguo ndiyo kinga ya kwanza: mikono mirefu, kola, suruali. Losheni ya kukinga jua ni ya sehemu zilizobaki. Namba yake ya kinga, SPF, iwe 30 au zaidi. Akamue mistari miwili iliyojaa, kwenye kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo, kisha aongeze ya masikio mbele na nyuma. Apake dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka na arudie kila saa mbili, kwa sababu jasho la Kariakoo linaiondoa. Wengi wanapaka robo ya kiasi hicho. Mafuta ya nazi na ya mgando hayazuii jua. Kuna losheni ya Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya wenye ualbino na kugawiwa bure kupitia kliniki. Ulizeni hapo mtakapokwenda. Kwenye kidonda kilicho wazi asipake, afunike kwa gozi.

Akishatibiwa, nitajuaje kama kingine kinaanza?

Usimwachie yeye na kioo. Wenye ualbino wengi hawaoni vizuri, na nyuma ya sikio mtu hapaoni mwenyewe. Mara moja kwa mwezi akae dirishani asubuhi, wewe upitie uso, mdomo wa chini, masikio, kisogo, mabega na migongo ya mikono. Pitisha kidole pia, kwa sababu madoa yanayotangulia saratani huhisiwa kabla ya kuonekana: yanakwaruza kama msasa, na gamba likitoka linarudi palepale. Hayo hospitali huyagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, bila kisu. Ukiwa na shaka na doa, lipige picha kwa simu na sarafu pembeni, urudie baada ya wiki mbili kwenye mwanga uleule. Likiwa limekua, au likiwa na kidonda kilichofika wiki nne, mpeleke na picha zote mbili.