Chupa moja, ngozi mbili

Hapa dukani kwangu Mji wa Kale, ninapouza marashi, lawama ninayoisikia zaidi ni hii: "Kwa dadangu yananukia mpaka usiku, kwangu hata saa moja hayamalizi." Na wamenunua chupa moja, wakagawana.

Marashi hayaruki yote kwa pamoja. Ndimu na chungwa huondoka mwanzo, kisha maua kama waridi na asumini, na mwisho hubaki vitu vizito: sandali, udi, miski. Sasa, vitu hivi karibu vyote hupenda mafuta. Ngozi yenye mafuta yake huvishika na kuviachia polepole. Ngozi kavu haina cha kuvishikia. Kwa hiyo baada ya saa moja, mmoja bado ananukia waridi na mwenzake ameshafika kwenye sandali. Ni marashi yale yale, ila kila mmoja yuko hatua yake. Mwenye ngozi kavu namwambia apake vaselini kidogo isiyo na harufu kabla ya marashi. Mafuta ya nazi yana harufu yake, nayo itaingilia.

Kuhusu chakula, nitataja uwatu tu, kwa sababu huku kwetu ndio unaoleta maajabu. Mteja mmoja alikuja alipotoka arubaini, akasema sandali yake imegeuka, inanukia sukari iliyoungua. Nikatia tone kwenye karatasi, jingine kwenye leso yake: sandali safi kabisa. Nikamwomba mkono ambao haukupakwa kitu, nao ulikuwa na jasho. Ile sukari ilikuwa pale pale. Alikuwa akila uwatu kila siku ili maziwa yatoke. Uwatu una sotoloni, kemikali inayotoka na jasho na mkojo ikiwa na harufu hiyo hiyo. Mafuta hayakuwa na kosa. Akiacha uwatu, baada ya siku chache harufu huisha.

Watu wengi husingizia asidi ya ngozi. Mimi siipi uzito huo: ngozi yenye afya huwa na asidi kidogo, pH 4.5 hadi 5.5 hivi, na tofauti baina ya watu ni ndogo. Bakteria wana nguvu zaidi. Jasho jipya halina harufu kubwa. Wao ndio wanaolivunja likanuka, na kila mtu ana bakteria wake. Ndiyo maana sipendi kuona mtu akijipulizia kwapani, hasa na joto hili la Kaskazi.

Kabla ya kurudisha chupa, paka kwenye karatasi na kwenye kifundo cha mkono, unuse baada ya dakika kumi, saa moja na saa nne. Karatasi nayo ikipoteza harufu mapema, marashi yenyewe ni mepesi. Na mwombe mwingine akunusie, maana wapo watu ambao pua zao hazisikii aina fulani za miski tangu kuzaliwa, na wao hushikilia kwamba marashi yameisha huku chumba kizima kinanukia.