Saa 4,000 za YouTube hazikusanywi

"Nimeshakusanya masaa 3,450, nimebakiza 550 tu." Sentensi hii huandikwa kila siku na wenye chaneli changa za YouTube wanaotafuta saa 4,000 za kutazamwa ili walipwe, na hesabu yake ya kutoa ni sahihi kabisa. Kosa liko kwenye vitenzi. Saa za kutazamwa hazikusanywi, na kwa hiyo hakuna anayeweza "kubakiza" idadi fulani yake. Watu wengi hukata tamaa kwa sababu ya vitenzi hivyo viwili. Huona namba imesimama, kisha wanaona imeshuka, na kuamini wameibiwa.

Maana kwanza, kwa ufupi. Mpango wa Washirika wa YouTube ni makubaliano ambayo jukwaa hugawana na mwenye chaneli mapato yatokanayo na video zake. Ili kupata mgao wa matangazo, chaneli iwe na sabskraiba 1,000, na zaidi ya hapo iwe na moja kati ya mambo mawili: saa 4,000 halali za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12 iliyopita, au mitazamo halali milioni 10 ya video fupi za Shorts ndani ya siku 90 zilizopita. Kuna na mlango wa chini, uliofunguliwa mwaka 2023: sabskraiba 500, video 3 za hadharani ndani ya siku 90, na saa 3,000 au mitazamo milioni 3 ya Shorts kwa vipindi vilevile. Mlango huo hukupa michango ya watazamaji na uanachama wa chaneli, lakini haukupi pesa ya matangazo. Chaneli isiwe na onyo linaloendelea la kuvunja miongozo, akaunti iwe na uthibitishaji wa hatua mbili, na uwe unaishi katika nchi ambayo mpango huu upo.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe. "Saa" limetoka Kiarabuni, na Kiswahili kimelibebesha mizigo mitatu. Ni chombo cha mkononi au ukutani: saa imesimama. Ni nukta ya wakati: tukutane saa nne. Na ni urefu wa muda: nimesubiri saa nne nzima. Ndiyo maana wengi husema "masaa" wanapotaja muda, ili kuutenga na nukta, ingawa walimu wa lugha hupenda "saa" libaki vilevile kwenye wingi. Hilo si la kugombania hapa. La kugombania ni kwamba katika kigezo cha YouTube maana mbili zinafanya kazi kwa pamoja: kila saa ya kutazamwa ni muda, lakini pia ina tarehe yake. Dakika tatu alizotazama mtu tarehe 10 Machi ni za tarehe 10 Machi. Mwaka ukizunguka na tarehe hiyo ikapita, zinatoka kwenye hesabu hata kama video ingali pale na inatazamwa.

Ukikusanya kuni, ziko. Ukidunduliza senti kwenye kopo, senti ya mwaka juzi ingali ndani pamoja na ya leo. Tumelelewa na methali ya haba na haba, kwa hiyo tunakitazama kigezo hiki kama kibaba kinachojaa. Lakini kibaba hiki kimetobolewa chini kwa makusudi, na kinachovuja leo ni kile kilichoingia miezi 12 iliyopita. Sabskraiba ndio wanaofanana na kuni: asiyejiondoa anabaki, awe alijisajili jana au miaka mitano iliyopita. Vigezo viwili vimewekwa kwenye sentensi moja, na msomaji huvichukua kuwa vya aina moja. Si vya aina moja.

Tuchukue chaneli moja tuifuate. Kila mwezi inapata saa 150, isipokuwa Machi, ambapo video moja ilivuma na kuleta saa 1,800 peke yake kwa mwezi huo. Mwisho wa Desemba hesabu ni miezi 11 mara 150, kujumlisha 1,800, yaani saa 3,450. Mwenye chaneli anaona zimebaki 550 na anapiga hesabu kuwa kwa saa 150 kwa mwezi atamaliza baada ya miezi minne. Januari inakuja: zinaingia 150 mpya, zinatoka 150 za Januari iliyopita. Namba ni ileile 3,450. Februari vilevile. Machi inapoisha, zimeingia 150 na zimetoka 1,800, na kilichobaki ni saa 1,800. Hakuna aliyemwibia, na wala chaneli yake haikudorora, kwani watu wanatazama kwa kiasi kilekile. Ila ile video iliyovuma imetimiza mwaka.

Kutokana na hapo inafuata jambo ambalo wengi hawaambiwi. Chaneli inayopata kiasi kilekile kila mwezi ina dari. Anayepata saa 200 kwa mwezi bila kupanda atafika saa 2,400 kisha atakaa hapo hata akiendelea miaka kumi. Ili kufika 4,000 kwa mwendo wa usawa zinahitajika kama saa 334 kila mwezi, sawa na saa 11 kwa siku. Hiyo namba ya kila siku ndiyo inayofaa kuandikwa ukutani, kwa sababu inakuambia leo kama njia uliyopo inafika au haifiki.

Saa 11 ni watazamaji wangapi? Inategemea mtu anakaa dakika ngapi, wala si urefu wa video. Video ya dakika 20 inayoachwa baada ya dakika 2 inakuletea dakika 2. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wastani wa kutazama ukiwa dakika 3, unahitaji mitazamo 80,000 ndani ya mwaka. Ukiwa dakika 4, inatosha 60,000. Kuongeza dakika moja ya watu kubaki kumekupunguzia mitazamo 20,000, na ndiyo sababu kurekebisha sekunde 30 za mwanzo wa video kuna faida kuliko kuongeza video ya tatu kwa wiki.

Muda halisi, basi. Chukua chaneli inayokua kwa utulivu: mwezi wa kwanza saa 20, na kila mwezi unaofuata unazidi uliotangulia kwa saa 30. Kwa wastani wa dakika 3, hiyo ni mitazamo 400 mwezi wa kwanza, kisha nyongeza ya 600 kila mwezi. Mwezi wa 12 ukiisha, hesabu ni saa 2,220. Kuanzia hapo miezi ya zamani inaanza kutoka, lakini kwa kuwa ilikuwa midogo, namba inapanda saa 360 kila mwezi. Mlango wa saa 3,000 unavukwa mwezi wa 15, na wa 4,000 mwezi wa 17. Huo ni ukuaji mzuri, wa mtu asiyekosa kuchapisha, na bado umechukua karibu mwaka na nusu. Anayeahidiwa miezi mitatu anaahidiwa video ya kuvuma, na hiyo haipangwi.

Kuna pia maneno mawili ambayo macho huyaruka: "halali" na "hadharani". Saa zinazotokana na video za faragha, zisizoorodheshwa ambazo huonwa na mwenye kiungo tu, au zilizofutwa hazihesabiwi. Ukiibadilisha video kutoka hadharani kuwa faragha, saa zake zinaondoka kwenye kigezo. Matangazo ya moja kwa moja yanahesabiwa ikiwa rekodi yake imebaki hadharani. Wanaofuta rekodi ya saa mbili kwa sababu "sauti haikuwa nzuri" hufuta na saa zake. Mitazamo iliyonunuliwa kwa kampeni ya matangazo haimo. Na Shorts zinazotazamwa kwenye mkondo wake wa kupandisha kwa kidole haziongezi hata dakika moja kwenye zile saa 4,000. Zina kigezo chake.

Hii ndiyo sababu ukurasa wa Analytics ndani ya YouTube Studio huonyesha saa nyingi kuliko ukurasa wa Earn. Analytics inahesabu kutazamwa kwa kila namna, Earn inahesabu kile tu kinachostahili, tena kwa kuchelewa kidogo. Zikitofautiana, amini Earn. Tofauti ikiwa kubwa, anza kutafuta kwenye Shorts na kwenye video ulizozificha.

Kuvuka namba nako hakukuingizi ndani. Kunakupa haki ya kuomba, na hapo neno "mshirika" linadai haki yake. Mshirika ni wa ukoo mmoja na shirika na ushirika: anayeshiriki kitu na mwenzake, na kila mshirika huchunguzwa kabla ya kukubaliwa. Chaneli nzima hukaguliwa, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja hivi: maudhui makuu, video zinazotazamwa zaidi, video mpya, vichwa na maelezo. Wengi hukwama kwa video za wengine zilizounganishwa bila mchango wao wenyewe, au kwa video zilizotengenezwa kwa kiolezo kimoja kiasi kwamba moja haitofautiki na nyingine. Ukikataliwa unaweza kukata rufaa ndani ya siku 21, au kuomba tena baada ya siku 30. Ukikataliwa tena baada ya hapo, kusubiri kunakuwa siku 90.

Ukikubaliwa, mgao wako ni asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu na asilimia 45 kwenye Shorts. AdSense, huduma ya Google inayolipa mapato hayo, hutuma namba ya siri kwa posta mapato yakifika dola 10 ili kuthibitisha anwani, na hulipa yakifika dola 100. Ukishaingia, saa zikishuka chini ya 4,000 hutolewi kwa sababu hiyo peke yake. Hatari iko kwa chaneli inayokaa miezi sita au zaidi bila kuchapisha chochote.

Kwa hiyo, mpendwa uliyeandika "nimebakiza 550", hesabu yako ya kutoa iache kama ilivyo, badilisha sentensi: "Nina saa 3,450 kwa miezi 12 iliyopita." Kisha fungua Analytics, chagua tarehe za mwezi huuhuu mwaka jana, uone zilikuwa saa ngapi. Hizo ndizo zinazotoka mwezi huu. Ukiingiza zaidi ya hizo, unapanda.