Kebo ndefu ya kamera za IP: yanayosemwa na ukweli wenyewe

"Mita 100 ni makadirio tu, hata 130 inafanya kazi."

Kuna wakati inafanya kazi kweli, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Mita 100 ni kiwango ambacho ndani yake mawasiliano yana uhakika. Ukikipita, picha inaweza kuonekana vizuri siku ya kufunga, kisha ikaanza kukatika jua likichoma kebo, kwa kuwa joto huongeza upotevu wa mawimbi. Kumbuka pia kwamba hesabu ni ya kebo yote, kuanzia kwenye swichi ya mtandao hadi kwenye kamera: inayopanda ukutani, inayozunguka dari na vile vipande vifupi vya kuunganishia mwishoni. Aliyepima mita 90 kwa hatua uwanjani huenda ametandaza 110. Kununua Cat6 hakukuongezei umbali. Kikomo chake kwa kamera ni kilekile.

"Kamera inayozima usiku ni mbovu."

Dhana hii imewafanya wengi warudishe dukani kamera nzima. Usiku kamera huwasha taa zake za infraredi na kuhitaji umeme zaidi. Kama kebo haiwezi kuufikisha, kamera inazima, inajiwasha upya, inawasha taa, inazima tena. Asubuhi inatulia yenyewe.

Chukua kamera inayotumia wati 4 mchana na wati 7 usiku, iliyo umbali wa mita 60. Fundi ameirushia volti 12 kutoka kwenye adapta kupitia jozi mbili za waya ndani ya kebo ya mtandao, mtindo ulioenea sana kwa sababu ni rahisi. Hata kwa shaba halisi, ukinzani wa kwenda na kurudi unaweza kufika omu 5.6 hivi. Mchana kamera inapata karibu volti 9.7, na kamera nyingine huvumilia hapo. Usiku haiwezekani kabisa: kwa ukinzani huo, volti 12 haziwezi kufikisha zaidi ya wati 6.4 upande wa pili, hata adapta iwe kubwa namna gani. Hapo umbali haujafika hata mita 100.

Kamera hiyohiyo ikipewa PoE, yaani umeme unaotumwa na swichi kwenye kebo ileile ya data, kwa kiwango cha kawaida cha 802.3af, umeme husafiri kwa takriban volti 48. Mkondo unakuwa mdogo, na kebo hiyo inapoteza chini ya volti moja.

Kabla ya kulaumu kamera, kwangua waya mmoja wa kebo. Ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ile inayoandikwa CCA, na ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba. Kisha ziba uso wote wa kamera mchana, lenzi pamoja na kihisi cha mwanga, ili taa ziwake: kamera ikizima papo hapo, tatizo ni umeme. Ifunge kwa kebo fupi karibu na swichi, urudie. Ikitulia, kosa liko njiani.

Data ikishindwa, dalili ni tofauti. Kamera haizimi, ila picha inaganda au inavunjika vipande, na ukurasa wa swichi unaonyesha mlango umeshuka kutoka 100 hadi 10 Mbps. Kwenye kompyuta ya Windows jaribu hivi, ukiweka anwani ya kamera yako:

```
ping -n 500 -l 1400 192.168.1.20
```

Pakiti zikipotea kwenye kebo ndefu na zisipotee kwenye fupi, umepata jibu.

"Ukiunga kebo mbili kwa kiungio, hesabu inaanza upya."

Haianzi. Kiungio kinashikanisha waya tu, na kinaongeza sehemu ya kuingia maji. Kinachoanza hesabu upya ni swichi au ekstenda ya PoE, kwa kuwa hupokea data na kuituma tena ikiwa mpya.

Geti lililo mita 170 kutoka nyumbani linahudumiwa hivi: ekstenda kwenye nguzo iliyo mita 85 kutoka nyumbani, ndani ya kisanduku kisichoingiza maji. Kamera inataka wati 7, ekstenda yenyewe tuseme 3, jumla 10. Mlango wa 802.3af hutoa wati 15.4, kwa hiyo unatosha. Lakini ekstenda haizalishi umeme. Inagawana ule uliotoka kwenye swichi. Ukiweka ya pili na ya tatu mfululizo, kila moja inakula sehemu yake kabla kamera haijapata kitu.

Swichi nyingi za PoE zina kitufe cha "Extend" kinachoahidi mita 250. Ahadi hiyo inatimia kwa kushusha kasi hadi 10 Mbps, na inahitaji kebo ya shaba halisi. Kamera moja ya Mbps 4 inapita bila shida. Kamera nne nyuma ya mlango huo hazitapita.

Kwa mita 300 na zaidi, mimi ningevuta faiba na kutafuta umeme hukohuko getini. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo radi ikipiga karibu na geti haitapita humo kuja kuunguza NVR, kile kifaa cha nyumbani kinachorekodi picha za kamera.