Sekunde 30 za kwanza mbele ya bango

Mgeni anayepita katika ukumbi wa mabango ya utafiti husoma vichwa vya habari huku anatembea. Hata akisimama mbele yako, bado hajaamua kubaki. Nimewafanyisha mazoezi watafiti wengi wa kumsemesha mtu huyo, na karibu wote huanzia mahali pamoja: historia ya tatizo.

Mwanafunzi mmoja alikuwa amechunguza kusafisha maji ya kunywa kwa jua. Alianza hivi: "Kichwa cha utafiti wangu ni..." kisha akaeleza jinsi maradhi ya kuhara yanavyosumbua dunia. Kichwa mgeni alikwisha kukisoma, na habari ya kuhara anaijua. Dakika nzima ikapita kabla ya kusikika alichokigundua yeye mwenyewe. Tena alikuwa akisoma kutoka kwenye bango, kwa hiyo mgeni aliona mgongo tu.

Tukaanza upya, safari hii kwa maneno yasiyozidi 60, ambayo kwa mwendo wa kawaida huchukua kama nusu dakika:

"Ukiacha maji juani kwa muda wa saa 6 ndani ya chupa angavu ya plastiki, vijidudu vingi hufa. Ila maji yakiwa na tope, mwanga haupenyi. Nilitaka kujua kama kuyachuja kwanza kwa kitambaa kunatosha. Tazama mistari hii miwili: wa juu ni maji yasiyochujwa, wa chini ni yaliyochujwa. Kitambaa kilisaidia, lakini si kwa tope laini lisilotuama."

Alipotamka "tazama", kidole kilikuwa kwenye grafu moja tu, naye amesimama pembeni ya bango akimkabili mgeni. Kisha akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomsumbua zaidi, tukakurudia mara nyingi, maana swali la mgeni ndilo linalokuonyesha uendelee wapi. Mhandisi wa maji atauliza tope lilipimwaje. Mhudumu wa afya atauliza kama familia zitakubali kungoja saa 6. Wapo wanaofundisha kumuuliza mgeni fani yake kabla ya lolote. Mimi hufanya hivyo kwa aliyenisalimu tu, kwa sababu mpita njia huona kama anahojiwa.

Akiitikia kwa kichwa bila kuuliza, na macho yake yameshahamia bango la jirani, usiongeze maelezo. Mwoneshe karatasi za muhtasari, mshukuru, mwache aende.

Mgeni wa pili akifika katikati ya maelezo, usirudi mwanzo, kwani wa kwanza atachoka. Malizia sentensi, mgeukie aliyefika, umwambie: "Tunaangalia kama kitambaa kinaondoa tope la kutosha ili jua liue vijidudu." Kisha rudi kwenye swali la yule wa kwanza. Sentensi hiyo moja iandae nyumbani; ukiitafuta palepale, utajikuta umerudi kwenye historia ya tatizo.