Kutoka taa ya ziwani hadi sado ya dagaa: mkato mmoja ulionichukua siku mbili

Kijana mmoja anayejifunza kuhariri video alikuja ofisini kwangu Kirumba, Mwanza, akatazama filamu fupi niliyokuwa namalizia, kisha akaniuliza, "Kaka, hiyo tranzisheni umeidaunlodi wapi?" Nikamrudishia fremu moja moja. Hakukuwa na tranzisheni yoyote, klipu mbili tu zimegusana kwenye taimulaini. Alichokiona ni mkato wa mfanano: umbo lililo kwenye shoti ya kwanza linapokelewa na umbo kama lile kwenye shoti ya pili, mahali palepale pa skrini, kiasi kwamba jicho linavuka bila kuhama.

Filamu yenyewe inamhusu mama anayeuza dagaa mwaloni Kirumba. Nilihitaji kutoka usiku wa ziwani hadi asubuhi ya sokoni. Njia rahisi ilikuwa kuizungusha picha, au kumulika skrini nyeupe kisha kukuche. Hizo sikuzitaka, kwa sababu mzunguko ule ungefaa vilevile kwenye video ya harusi au ya duka la simu, hauna dagaa ndani yake. Mimi nilitaka mtazamaji aone kwamba ule mwanga juu ya maji na ile bidhaa kwenye meza ya mama ni kitu kimoja. Wavuvi wa dagaa huelekeza taa majini usiku, dagaa wanaufuata mwanga, wanajaa pale na kumetameta, ndipo wavu unapowachukua. Kwa hiyo duara la mwanga likigeuka kuwa mdomo wa sado iliyojaa dagaa wabichi, mkato wenyewe unasimulia kazi nzima.

Shoti ya ziwani niliipata kwanza, na hilo lilikuwa la makusudi. Kati ya shoti mbili, anza na ile usiyoweza kuiomba tena. Wavuvi hawatoki usiku wa mbalamwezi kali, maana mwanga wa taa hupotea kwenye mwanga wa mwezi, kwa hiyo ukikosa siku za giza unasubiri mwezi upungue. Sado iko mezani kila siku. Ile ngumu ndiyo inayotoa kipimo, hii nyepesi inafuata.

Asubuhi nikaenda mwaloni, nikasimama juu ya stuli, nikapiga sado kutoka juu kabisa. Duara safi, dagaa wanang'aa. Nilirudi nimefurahi. Nilipoziweka klipu mbili pamoja, mkato ukagoma. Jicho lilikuwa linashtuka na sikujua kwa nini, mpaka nilipoiweka klipu ya sado juu ya ile ya ziwa na kushusha `Opacity` yake hadi 50, zote mbili zikaonekana kwa pamoja. Hapo ukweli ukajitokeza. Kutoka kwenye mtumbwi nilikuwa natazama maji kwa mshazari, siyo kutoka juu kabisa, na duara ukilitazama kwa pembeni huwa na umbo la yai. Mwanga wangu ulikuwa yai lililolala, sado yangu ilikuwa duara kamili. Tofauti ya namna hiyo huwezi kuirekebisha kwa kukuza wala kusogeza picha, kwa sababu kosa liko kwenye pembe ya kamera.

Kesho yake nikarudi. "Shikamoo mama. Naomba uninyanyulie sado kama jana."

"Marahaba. Jana si ulishapiga wewe?"

"Nilikosea mahali pa kusimama."

Akacheka, akanisogezea benchi. Safari hii nilikuwa na picha ya fremu ya ziwani kwenye simu, nikaiegesha pembeni ya skrini ya kamera. Nikashuka na kamera taratibu hadi mdomo wa sado ukalala kama ule mwanga ulivyolala. Nikaomba pia tuhame kutoka juani tuingie kivulini, na chini ya sado nikatandika turubai jeusi. Usiku mwanga ulizungukwa na giza, na mtazamaji akitoka gizani akapigwa ghafla na jua la asubuhi, kitu cha kwanza anachokiona ni mwanga kubadilika. Umbo anakuja kuliona baadaye, wakati mkato umeshapita.

Rangi niliiacha itofautiane. Taa ya ziwani ilikuwa nyeupe ya baridi, na kivulini mwaloni kulikuwa na unjano kidogo. Ukifananisha kila kitu, mtazamaji anadhani bado yuko mahali palepale, na mkato unageuka fumbo. Lazima kitu kimoja kimwambie kwamba amehama.

Halafu kuna mwendo, na hapa ndipo wengi huishia njiani kwa sababu wameridhika na umbo. Mtumbwi unapanda na kushuka, kwa hiyo lile yai la mwanga lilikuwa linaelea kwenye fremu. Kama ningekata wakati linashuka halafu sado inanyanyuliwa, jicho lingekwama. Nilitafuta sekunde ambayo mwanga unapanda, nikakata katikati ya kupanda, kabla haujafika juu na kutulia. Sado ikapokea ikiwa tayari inapanda. Ukingoja mwendo uishe ndipo ukate, hakuna tena kinachomvusha mtazamaji.

Kasi nayo ni lazima ilingane. Wimbi linanyanyua polepole, mkono wa mama ni wa haraka, amezoea wateja. Nilikuwa nimerekodi sado kwa fremu 50 kwa sekunde wakati taimulaini yangu ni ya 25, kwa hiyo niliweza kuipunguza kasi hadi nusu bila picha kurukaruka. Shoti iliyorekodiwa kwa 25 ukiipunguza hivyo, programu inarudia fremu, na kigugumizi chake kinaonekana hapohapo kwenye mkato.

Kilichobaki kilikuwa marekebisho madogo. Nilirekodi kwa 4K na filamu inatoka kwa upana wa pikseli 1920, hivyo nilikuwa na nafasi ya kukuza sado hadi mara mbili bila picha kuharibika. Nilihitaji kidogo tu: `Scale` ikaongezeka kwa asilimia 12, `Position` ikasogea kushoto mpaka kingo mbili zikalaliana. Kisha nikarudisha `Opacity` 100 na kufanya jaribio ninalolitegemea siku zote. Weka ncha ya kidole kwenye skrini pale jicho lako linapotazama kwenye shoti ya kwanza, cheza kwa kasi ya kawaida, usikiondoe kidole. Shoti ya pili ikiingia na kile unachotaka kukitazama kiko mbali na kidole, bado hujamaliza. Usihukumu fremu zikiwa zimesimama, maana fremu zilizosimama zinaweza kulingana vizuri na mkato bado ukagoma.

Sauti ya maji niliiacha iendelee sekunde moja juu ya sado, ndipo kelele za mwaloni zikapanda. Kelele zingetangulia, mtazamaji angejua anapelekwa sokoni kabla sado haijafika.

Kwenye filamu hiyohiyo nilikuwa na mkato mwingine wa namna hii: mvuvi anavuta kamba, kisha mpakiaji anavuta kamba ya turubai juu ya lori. Mwendo ulilingana vizuri kuliko ule wa sado, mikono miwili, upande uleule, kasi ileile. Nikautazama mara nyingi nikitafuta kamba ya kwanza inasema nini kuhusu ya pili, nikakosa. Ilikuwa ni kuvuta na kuvuta. Nimeuondoa, na pale sasa mvuvi anamaliza kuvuta, anaketi, ndipo lori linaonekana.