Kuvunjika "jino" la shingo: kwa nini mzee na kijana hutibiwa tofauti

Daktari, mama ana miaka 79, aliteleza bafuni akaangukia uso. Wanasema amevunjika "jino" la shingo, aina ya pili, wakamvisha kola ngumu basi. Kijana wa jirani alianguka na pikipiki akavunjika hapohapo, yeye akatiwa skrubu. Mbona mama kaachwa?

Hajaachwa, dada. Pingili ya pili ya shingo ina kifupa kilichosimama kama jino, na pingili ya kwanza hukizunguka tunapogeuza kichwa. Tangu 1974 tunafuata mgawanyo wa madaktari Anderson na D'Alonzo, unaopanga mivunjiko ya jino hilo katika aina tatu. Ncha ikimeguka ni aina ya kwanza, nayo ni nadra. Ufa ukiingia kwenye mwili wa pingili ni aina ya tatu. Huko mfupa ni mpana na una damu ya kutosha, kwa hiyo mara nyingi huunga vizuri kwa kola.

Aina ya pili hukata shina la jino. Pale ni pembamba, damu ni kidogo, na kano za juu huendelea kukivuta kipande. Ndiyo tunayoiona zaidi, na ndiyo inayokataa kuunga.

Ina maana mfupa wa mama hautaunga?

Huenda usiunge. Umri wa zaidi ya miaka 50 hupunguza sana uwezekano huo, na kipande kilichosogea zaidi ya milimita 5 huuharibu zaidi. Kijana ana mfupa mgumu: skrubu hupitishwa kutoka mbele, ikashika jino, naye akabaki anageuza shingo. Kwa mama mfupa umelegea, skrubu hiyo inaweza kung'oka. Njia nyingine ni kuunganisha pingili ya kwanza na ya pili kutoka nyuma. Inashika vizuri zaidi, ila hupoteza karibu nusu ya kugeuza kichwa, tena usingizi wa upasuaji ni mzigo kwa moyo na mapafu ya umri ule. Hata hivyo, kipande kikisogea sana au mishipa ya fahamu ikibanwa, tunaupima upya uamuzi huo.

Pete ya chuma inayofungwa kichwani kwa skrubu humfaa kijana. Kwa wazee naiogopa: humeza kwa shida, hupata nimonia, na wengine hufa.

Kwa kola ya takriban wiki 12, mara nyingi kovu gumu hukishika kipande hata mfupa usipounga. Picha za eksirei, akiinamisha na kuinua shingo mbele ya daktari, zikionyesha hakichezi, na hana maumivu makali, tunaridhika.

Nyumbani nimwangalie nini?

Akianza ganzi au ulegevu wa mikono, akiyumba akitembea, au mkojo ukimponyoka, mrudishe hospitali siku hiyohiyo akiwa na kola. Kila siku kagua ngozi chini ya kidevu na kisogoni, maana kola huchubua. Mlishe akiwa ameketi wima, tonge ndogondogo. Akikohoa kila anapomeza, tuambie mapema.