Kifaransa chepesi si kifupi tu

"Nikifupisha sentensi zangu za Kifaransa, si kila mtu kwenye mradi atanielewa?"

Hapana. Tazama hii: "Plus de réunions en mars". Kwa mdomo, herufi s ya "plus" ikisikika, mikutano inaongezeka. Isiposikika, mikutano haipo tena. Kwenye barua pepe sauti hiyo haipo. Hata mzawa hubaki kukisia, sembuse aliyejifunza lugha ukubwani! Kilichoponza ni kuacha kitenzi pamoja na "ne". Kama mikutano haipo, andika "Il n'y aura pas de réunion en mars". Kama inaongezeka, "Il y aura davantage de réunions en mars". Ni ndefu zaidi, lakini kila moja ina maana moja. Na "sous huitaine", yaani ndani ya siku nane, tafadhali, iache. Taja tarehe yenyewe.